Kipimo data cha kamera na nafasi ya akiba

Kwenye simu na kompyuta zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, "kipimo data" ni kiasi cha data kinachoweza kupita katika njia kwa sekunde moja. Udhaifu wa istilahi hii ni kwamba haitaji muda, na kwa hiyo huchanganywa kwa urahisi na ujazo wa diski. Kipimo data huhesabiwa kwa biti kwa sekunde, ujazo kwa baiti, na baiti moja ni biti 8.

Tuchukue ghala lenye kamera 24, kila moja imewekwa 4 Mbps. Zina swichi yao peke yake na VLAN yao, ila kinasa kiko mbali, kwenye chumba cha mitambo. Jumla ni 96 Mbps, na zote hupita kwenye aplinki, yaani waya mmoja unaotoka swichi ya kamera kwenda swichi kuu.

Aplinki ya 100 Mbps huonekana inatosha, lakini haitoshi. Sehemu yake huliwa na anwani na taarifa nyingine zinazosafiri pamoja na kila pakiti. Isitoshe, kamera hazimwagi data sawasawa: kila baada ya muda mfupi hutuma picha kamili, nzito kuliko zile za katikati zinazobeba mabadiliko tu. Picha kamili za kamera kadhaa zikifika pamoja, swichi huzidiwa na kutupa pakiti. Ndiyo maana huachwa "nafasi ya akiba", sehemu ya aplinki isiyopangiwa kazi. Kwenye aplinki ya 1 Gbps, kamera hizi huchukua chini ya asilimia 10.

VLAN haiongezi nafasi hiyo. Hutenganisha kamera na kompyuta za ofisi, lakini zikitumia waya uleule, bado zinagawana kasi ileile.

Picha ya kamera moja ikikatika, kagua waya wake. Zikikatika zote kwa pamoja, fungua ukurasa wa swichi uangalie kasi ya aplinki. Kasi ya 1 Gbps huhitaji jozi zote nne za waya. Jozi moja ikikatika, aplinki inaweza kushuka hadi 100 Mbps bila kuzimika.

Sasa diski. 4 Mbps ni megabaiti nusu kwa sekunde. Ukizidisha kwa sekunde 86,400 za siku, unapata gigabaiti 43.2 kwa kamera moja. Kamera zote 24 hutumia takriban terabaiti 1.04 kwa siku, na karibu 31 kwa siku 30. Diski nne za terabaiti 8 zinazifikia kwa shida, na zikipangwa kwa RAID 5 hubaki 24 tu, yaani siku 23 hivi.

Wengi hupunguza mzigo kwa kurekodi mwendo pekee. Hilo huokoa diski, lakini kinasa kikiwa ndicho kinachoutambua mwendo, kamera huendelea kukitumia picha muda wote. Kwa hiyo aplinki ipimiwe 96 Mbps zilezile.