Kabla ya kulituma tangazo la video, hesabu herufi zake

Wafanyabiashara wengi wadogo wa Eastlands, kuanzia Gikomba hadi Umoja na Kayole, sasa hujitangaza kwa video ya sekunde 30 inayosambazwa kwenye WhatsApp na TikTok. Wanaoitazama huwa ndani ya matatu au kazini, na wengi wao wamezima sauti. Kwao, tangazo ni yale maandishi wanayoyasoma: manukuu ya maneno yanayosemwa, na maandishi mengine yanayowekwa kwenye skrini kama vile bei na nambari ya simu.

Mimi huombwa mara kwa mara kuyapitia maandishi hayo kwa sababu watu huamini kwamba mtu wa Pwani anajua kutahajia. Lakini tahajia huwa ndiyo kazi yangu ya mwisho. Kwanza naangalia wakati, kisha urefu. Nitaeleza kwa kutumia tangazo moja la seremala wa Umoja anayeuza vitanda.

Wakati

Naitazama video nzima bila kusahihisha chochote, sauti ikiwa juu, na naandika tu sekunde ambapo manukuu na mdomo vinaachana. Mpangilio wa makosa hayo ndio unaoonyesha chanzo chake. Manukuu yote yakichelewa kwa kiasi kile kile tangu mwanzo, faili nzima inasogezwa mara moja. Yakianza vizuri kisha yakazidi kuchelewa kidogo kidogo, kasi ya picha iliyotumiwa kuandaa manukuu si ile ya video.

Kwa seremala wetu, manukuu yalikuwa sawa hadi sekunde ya 9, na kuanzia hapo yote yakachelewa kwa nusu sekunde. Maana yake ni kwamba kijana aliyehariri alikata kipande cha picha baada ya manukuu kuwekwa. Dawa yake ni kuyasogeza nyuma kwa nusu sekunde manukuu yote yanayofuata mkato huo, wala si kuhangaika na kila mstari peke yake. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba manukuu yawekwe picha zikishamaliza kukatwa.

Urefu

Hapa ndipo Kiswahili kinapowachanganya wengi. Mtu huhesabu maneno, akaona sita tu, akaridhika. Lakini neno letu moja linaweza kuwa sentensi nzima: "tutakuletea" limebeba mtendaji, wakati na mtendewa. Kwa hiyo hesabu herufi, pamoja na nafasi na alama zote, kisha gawa kwa sekunde ambazo manukuu yanakaa kwenye skrini.

Netflix imetumia kiwango cha herufi 17 kwa sekunde katika lugha nyingi kwa watazamaji wazima, mistari isizidi miwili, na kila mstari usizidi herufi 42. Hicho ni kipimo cha mtu aliyekaa mbele ya televisheni. Kwa mtu aliye na simu ndani ya matatu, kwenye video iliyosimama wima, mimi sipiti herufi 15 kwa sekunde na 25 hivi kwa mstari.

Manukuu ya nne ya seremala yalikuwa hivi:

```
4
00:00:11,200 --> 00:00:15,200
Tutakuletea kitanda chako mpaka mlangoni
kwako bila kukutoza hata shilingi moja.
```

Mstari wa kwanza una herufi 40 na wa pili 39. Jumla ni 79 kwa sekunde 4, yaani karibu 20 kwa sekunde. Hata macho mepesi yangeachwa njiani, na zaidi ya hapo mistari ya namna hiyo inajaa upana wote wa simu. Sikuweza kuongeza muda kwa kuwa sentensi nyingine ilikuwa inafuata papo hapo. Nilichofanya ni kuondoa yale ambayo msomaji anayajua tayari. Mlango ni wake, kitanda ni chake, na kutotozwa hata shilingi ndiyo bure:

```
4
00:00:11,200 --> 00:00:15,200
Tunakuletea kitanda
hadi mlangoni bure.
```

Sasa ni herufi 38 kwa jumla, chini ya 10 kwa sekunde. Angalia pia mahali pa kukata mstari: usiwaachanishe "bei" na "ya jumla", wala usiiache "ya" ikining'inia mwisho wa mstari.

Maandishi ya mwisho wa tangazo yanahitaji kipimo kingine, kwa sababu tarakimu hazisomwi kama maneno. Yeye aliweka bei, simu, nambari ya Till, mahali na saa za kazi, vyote kwa sekunde 3. Niliyasoma kwa sauti, polepole, yakanichukua sekunde 11. Tukagawa. Bei ikapelekwa pale kitanda kinapoonekana. Simu ikakaa juu ya skrini sekunde 10 za mwisho. Nambari ya Till ikaondolewa kabisa, kwa kuwa wateja wake hulipa wakishakiona kitanda.

Tahajia na nambari

Naanza na nambari, kwa sababu kosa la nambari lina hasara ya papo kwa papo. Sauti ilisema elfu ishirini na nne na mia tano, na skrini ikaandika Sh24,000. Mteja atakayefika na hizo 24,000 atakuwa na ushahidi mkononi, na seremala atachagua kati ya kupoteza mia tano au kupoteza mteja. Nambari ya simu naipiga kwa kuisoma kwenye skrini, si kwa kuitafuta kwenye orodha ya majina. Kama kuna nambari ya Till, tuma shilingi chache uone ujumbe wa M-PESA umetaja jina la nani.

Saa nazo ni mtego. Duka linalofunguliwa "8:00 am" liliandikiwa "saa 8 asubuhi". Kwa Kiswahili hiyo ni saa 2 asubuhi. Saa 8 ni mchana jua likiwa kali.

Kisha narudi kwenye maneno, nikisoma kuanzia manukuu ya mwisho kwenda ya kwanza ili maana isinipitishe haraka. Nayatafuta makosa yaliyozoeleka Nairobi: "dhamani" badala ya "thamani", "kujeni" badala ya "njooni", "apa" badala ya "hapa", na "vitanda za mbao" badala ya "vitanda vya mbao". Natazama pia kama simu iliyowekwa Kiingereza imegeuza "hadi" kuwa "had".

Je, tusahihishe na maneno ya mdomoni? Maoni yangu ni haya. Maandishi ya duka lenyewe yawe Kiswahili sanifu. Manukuu yafuate msemaji. Akisema "bei poa", andika "bei poa", kwani kuiandika "bei nafuu" ni kumwekea maneno ambayo hakuyatamka. Upatanisho kama wa "vitanda vya" naurekebisha kimya kimya, kwa kuwa haubadilishi alichosema.

Mwisho nautuma mkanda uliokamilika kwa WhatsApp hadi simu ya bei ya chini, nikautazama juani bila sauti. WhatsApp hupunguza ubora wa picha, na herufi nyembamba hufifia. Kwenye TikTok, vitufe vya upande wa kulia na jina la akaunti chini hufunika maandishi yaliyo pembeni. Nambari ya seremala ilikuwa imefunikwa tarakimu mbili za mwisho. Tuliisogeza katikati, tukaupakia mkanda tena, tukaitazama hadi tukaziona tarakimu zote kumi.