Limbikizo lisilo na ankara

Mtumishi wa Mbinga akisikia “malimbikizo” hufikiria mshahara uliocheleweshwa. Mhasibu ana maana nyingine: gharama limbikizi ni huduma iliyokwisha kutumika, ankara yake haijafika. Hakuna aliyechelewa kulipa. Neno lenyewe linatokana na kulimbika, kama maji yanavyoachwa yajikusanye chomboni tone kwa tone.

Tuseme kiwanda cha kumenya kahawa huko Maguu kinafunga hesabu Juni 30, msimu ukianza na maji yakitiririka. Ankara ya mwisho iliishia dira ikisoma 1,240. Jioni ya Juni 30 karani anasoma 1,285: uniti 45. Kwa bei ya kudhania ya shilingi 1,800, ni shilingi 81,000. Anadebiti gharama za maji, anakrediti gharama limbikizi, na kuhifadhi picha ya dira kwa ajili ya mkaguzi.

Julai 1 anageuza ingizo hilo. Akisahau, ankara ikija maji yaleyale yatahesabiwa mara mbili.

Umeme je? Mwenye LUKU kwa kawaida hana cha kulimbikiza, kwani amelipa kabla ya kutumia. Uniti zilizobaki kwenye mita ni malipo ya awali, yaani mali. Limbikizo la umeme linawahusu wanaoletewa ankara baada ya matumizi.