Ujumbe kwa Wazazi Baada ya Mtoto Kuanguka Uwanja wa Michezo

Katika shule za awali za parokia, mtoto kuanguka kutoka kwenye bembea au mtelezo ni jambo la kawaida, na mara nyingi huishia kwenye uvimbe na machozi. Hata hivyo, jeraha la kichwa lina tabia moja ambayo kila mwalimu hana budi kuifahamu: dalili zake za hatari zinaweza kuchelewa. Mtoto huweza kuanguka, akalia, akanyamaza, akanywa uji na kurudi darasani. Saa kadhaa baadaye, damu ikiwa inavuja ndani ya fuvu, huanza kutapika na kusinzia. Wakati huo mwalimu hayupo. Aliye naye ni mama, bibi au dada anayemlea, ambaye hakuliona tukio.

Kwa sababu hiyo, ujumbe ambao shule huwapelekea wazazi si taarifa ya adabu peke yake. Mtoto akipelekwa hospitali saa nane ya usiku, tabibu wa zamu atauliza: ameanguka saa ngapi, kutoka kimo gani, juu ya nini, amegonga wapi, alizimia? Mzazi hawezi kujibu maswali hayo isipokuwa shule imemwandikia. Basi mwalimu aandike akijua kwamba nyuma ya mzazi yupo tabibu anayesoma.

Lini kuandika hakutoshi

Zipo hali ambazo kazi ya kwanza ni kumpeleka mtoto hospitali na kuwapigia wazazi simu wakiwa njiani; maandishi hufuata baadaye. Hali hizo ni mtoto kupoteza fahamu hata kwa muda mfupi, kupata degedege, kutapika mara kwa mara, kutokwa na damu au majimaji meupe puani au masikioni, kuchanganyikiwa, mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko ya pili, au kushindwa kutumia mkono au mguu. Mtoto anayelalamika shingo baada ya kuanguka asinyanyuliwe kwa haraka. Atulizwe palepale alipo mpaka msaada upatikane.

Kimo nacho kina uzito. Kwa mtoto aliyevuka miaka miwili, matabibu huhesabu kuanguka kutoka zaidi ya mita moja na nusu kuwa ni kuanguka kwa hatari, hata kama mtoto anaonekana mzima. Aliye chini ya miaka miwili, kipimo hicho hushuka na kuwa karibu mita moja. Kwa jeraha lolote la kichwa, hata dogo, simu itangulie. Ujumbe ufuate ili yale yaliyosemwa kwa mdomo yasisahaulike.

Mambo manne ya kuandikwa

La kwanza ni tukio lenyewe: saa, mahali, kimo, na aina ya ardhi. Saa iandikwe pamoja na neno asubuhi, mchana au jioni, kwa kuwa hospitali nyingi hujaza fomu kwa hesabu ya kimataifa, na "saa 4" tupu huweza kusomwa kama alasiri. Kimo kikadiriwe kwa kitu kinachoonekana, kama ngazi ya tatu au usawa wa kiuno cha mtu mzima. Ardhi itajwe kwa jina lake: mchanga mlaini, udongo ulioshindiliwa, au saruji. Kimo kilekile juu ya mchanga na juu ya saruji si jeraha lile lile.

Hapo hapo aandikwe aliyeshuhudia. Hili husahauliwa sana, nalo ni zito. Mwalimu aliyemwona mtoto akianguka anaweza kusema, "Hakuzimia." Aliyesikia kilio tu na kugeuka hawezi kusema hivyo, aandike, "Hakuna mtu mzima aliyemwona akianguka, tulimkuta ameketi, analia." Sentensi hiyo ni chungu kwa shule, lakini humsaidia tabibu asijenge uamuzi wake juu ya jambo ambalo hakuna aliyelishuhudia.

La pili ni kile kilichoonekana mwilini: sehemu iliyogongwa, upande wa kulia au wa kushoto, ukubwa wa uvimbe, kama ngozi imechanika, na jinsi mtoto alivyokuwa tangu wakati ule. Aandike anayoyaona, asitoe hukumu. "Ameumia kidogo" ni hukumu. "Ana uvimbe wa upana wa sarafu juu ya sikio la kulia" ni ushahidi.

La tatu ni huduma aliyopewa. Ikiwa alipewa dawa ya maumivu, yaandikwe jina lake, kiasi na saa. Paracetamoli hairudiwi kabla ya saa nne kupita, na mzazi asiyejua kwamba shule imeshampa anaweza kumpa tena mapema mno. Ikiwa hakupewa dawa, hilo nalo liandikwe.

La nne ni maelekezo ya usiku: dalili za kuangaliwa, muda wa kuangalia, na mahali pa kwenda. Dalili zisizidi zile ambazo mlezi anaweza kuzikumbuka gizani.

Mfano mmoja

Tuchukue mtoto wa miaka mitano aliyeanguka kutoka ngazi ya mtelezo wa chuma siku ya Jumanne. Mwalimu mkuu amekwisha kumpigia simu mama yake. Kisha anaandika hivi, akijaza jina kamili la mtoto mahali pake:

"Habari za asubuhi, Baba na Mama. Poleni sana. Kama tulivyozungumza kwa simu, leo Jumanne saa 4:20 asubuhi mwanenu ameanguka kutoka ngazi ya tatu ya mtelezo, kimo cha karibu mita moja, juu ya udongo mgumu. Mwalimu wa zamu alimwona. Amegonga kichwa upande wa kulia, juu ya sikio. Alilia papo hapo. Hakuzimia wala hajatapika. Ana uvimbe wa upana wa sarafu, ngozi haikuchanika. Tumemwekea kitambaa cha maji baridi kwa dakika kumi. Hatukumpa dawa. Hadi saa 5:00 anaongea na kutembea kama kawaida, ila hakumaliza uji. Tunaomba aonwe na tabibu leo. Mwalimu yuko naye mpaka mfike. Leo, usiku huu na kesho mwangalieni: akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kumuuma, akisinzia asiamke kirahisi, akiyumba, akiongea ovyo au akipata degedege, mpelekeni hospitali mara moja na mwonyesheni tabibu ujumbe huu. Msiukande uvimbe kwa maji ya moto. Nitawapigia saa 12:30 jioni. Mwalimu Mkuu."

Tutazame sehemu mbili za ujumbe huu. Maneno "juu ya sikio" si urembo. Mfupa wa fuvu upande ule ni mwembamba kuliko wa paji la uso, na chini yake hupita mshipa wa ateri ambao ukipasuka ndio huleta ule uvujaji wa damu wenye dalili za kuchelewa. Ndiyo maana shule iliomba mtoto aonwe na tabibu siku ileile, ingawa alikuwa akitembea. Nayo taarifa kwamba hakumaliza uji inaonekana ndogo, lakini kama jioni atakataa chakula na kutapika, tabibu atajua kwamba mabadiliko yalianza mapema.

Katazo la kukanda kwa maji ya moto limewekwa kwa sababu ndiyo desturi ya nyumba nyingi. Joto hupanua mishipa midogo na kuongeza uvimbe. Siku ya kwanza hufaa ubaridi. Kama aliyeumia ni mkono, katazo hili lina uzito zaidi. Mtoto anayeanguka huukunjua mkono kujikinga, na mfupa juu kidogo ya kiwiko huweza kuvunjika. Kuuchua au kuuvuta mkono kama huo kunaweza kuumiza mshipa wa damu na neva. Ujumbe wa namna hiyo useme: mkono usichuliwe, usivutwe, na vidole vikiwa baridi, vyeupe au vyenye ganzi, apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi.

Watu wengi huuliza kuhusu usingizi. Mtoto aliyeumia kichwa haikatazwi alale usiku kwa saa yake ya kawaida. Ila mlezi amtazame mara kwa mara, na akiona usingizi si wa kawaida, amwamshe. Mtoto anayeguna, akajigeuza na kumtambua mama yake hana neno. Asiyeamka kirahisi apelekwe.

Yasiyopaswa kuandikwa

Ujumbe usiahidi usichokijua. "Yuko salama kabisa, msiwe na wasiwasi" ni sentensi inayoandikwa kwa upendo, lakini humfanya mlezi apuuze kutapika kwa saa tatu ya usiku. Mwalimu aseme tu jinsi mtoto alivyo hadi saa anayoandika.

Usimtaje mtoto mwingine. Ikiwa alisukumwa wakicheza, yatosha kuandika "alisukumwa na mwenzake katika mchezo". Jina lake lisiandikwe, maana kesho wazazi wa pande mbili watakutana langoni, na mtoto wa miaka mitano atabebeshwa kosa la mtu mzima ambaye hakuwa karibu.

Ujumbe usiwekwe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa, wala picha ya jeraha. Habari za afya ya mtoto ni za wazazi wake. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu habari za afya miongoni mwa taarifa nyeti.

Mwisho, usifiche sababu. Kama ngazi ya mtelezo ilikuwa imelegea, iandikwe kwamba ilikuwa imelegea na kwamba mtelezo umefungwa. Mzazi atakayelijua jambo hilo baadaye kutoka kwa mtoto hataamini tena neno lolote la shule, hata yale maelekezo ya tiba.

Umfikie atakayelala na mtoto

Mara nyingi namba iliyoandikwa shuleni ni ya baba aliye kazini mji mwingine, na mtoto hulala kwa bibi asiyesoma ujumbe wa simu. Kwa hiyo maneno yaleyale yaandikwe kwenye karatasi, apewe anayekuja kumchukua mtoto, na asomewe kwa sauti. Kisha aombwe azitaje dalili yeye mwenyewe. Akizitaja tatu au nne bila kusaidiwa, ujumbe umefika. Asipoweza, mwalimu azirudie polepole kabla hawajaondoka.

Nakala ibaki katika daftari la matukio la shule, pamoja na saa ya simu ya jioni na jibu lililotolewa. Ile simu ya saa 12:30 isiachwe. Mara nyingine ndipo mlezi husema kwamba mtoto ametapika mara mbili, na kwamba alikuwa akingoja kukuche.