Miaka 30 ya Quake: Ugomvi wa kidato na mteremko bado haujaisha

Tarehe 22 Juni 2026 mchezo wa Quake unatimiza miaka 30. Wengi watakumbuka bunduki zake na giza lake. Mimi naukumbuka kwa miguu. Katika msimbo wake, ambao id Software ya Texas iliufungua kwa umma Desemba 1999, ndimo unamoonekana wazi utaratibu wa kumpandisha mhusika ngazi katika ulimwengu wa pande tatu, na injini nyingi za leo bado zinafuata njia hiyohiyo.

Mhusika wa Quake kwa hesabu za kugongana hakuwa na miguu. Alikuwa sanduku lenye upana wa vipimo 32 na kimo cha 56. Akizuiwa mbele, mchezo humrudisha alipoanzia, humwinua vipimo 18, humsukuma mbele, kisha humshusha. Baada ya hapo huulizwa swali moja:

```c
if (downtrace.plane.normal[2] > 0.7)
```

Namba hiyo hutokana na mshale uliosimama wima juu ya uso uliokanyagwa. Sakafu iliyolala hutoa 1, ukuta hutoa 0, na 0.7 ni mwinamo wa takriban nyuzi 45.6. Jibu likiwa hapana, hatua nzima ya kupanda hutupwa. Waandishi wa msimbo wenyewe waliacha onyo papo hapo: bila kuitupa, mchezaji angeweza kurukaruka na kuupanda mteremko mkali asiostahili kuupanda.

Baadaye sanduku liliachwa. Mwaka 2003 Kasper Fauerby alisambaza makala iliyosomwa sana kuhusu mwili wa umbo la yai, kisha kapsuli ikatawala: mcheduara uliofungwa kwa nusu tufe juu na chini. Kapsuli haina pembe za kunasa kwenye milango. Lakini ilileta ugomvi mpya, kwa sababu sehemu yake ya chini ni ya mviringo, ilhali kidato cha ngazi kina ukingo mkali.

Chukua kapsuli yenye nusu kipenyo cha mita 0.5, kama ile ya Unity kabla hujaibadilisha, na kidato cha sentimita 18, yaani ngazi ya kawaida ya nyumbani. Kapsuli ikiwa sakafuni, kitovu cha tufe lake la chini kiko mita 0.5 juu. Inapougusa ukingo, mshale wa mguso hutoka ukingoni kuelekea kitovu, na kipimo chake cha wima ni (0.5 − 0.18) ÷ 0.5, yaani 0.64. Kidato kilicholala kabisa sasa kinahesabiwa kuwa kilima cha nyuzi 50, na mhusika anakataliwa.

Hata mbinu ya Quake ya kuinua, kusogeza na kushusha haitoshi hapa. Kapsuli ikishushwa huegemea tena ukingo uleule. Ili kipimo kifike 0.7, lazima iwe imesogea mbele kama sentimita 2.7 ndani ya fremu moja. Kwa fremu 60 kwa sekunde, hiyo ni kasi ya mita 1.6 kwa sekunde. Kwa fremu 120, ni mita 3.2. Ndiyo maana kuna michezo ambamo anayekimbia hupanda vizuri na anayetembea taratibu hukwama, na kompyuta yenye nguvu zaidi huzidisha kasoro badala ya kuiondoa.

Dawa ni kutouamini mguso wa kapsuli peke yake. Unreal Engine hutofautisha `Normal`, mshale wa umbo linalosogea, na `ImpactNormal`, mshale wa uso uliogongwa. Uamuzi wa kama panakanyagika hufuata huu wa pili. Anayejijengea mwenyewe anaweza kudondosha mstari mwembamba wa uchunguzi kidogo mbele ya ukingo, juu ya kidato. Mstari hauna mviringo, basi hurudisha 1, na kidato kinapita. Wakati wa kushuka, kapsuli ivutwe chini kwa umbali usiozidi kimo cha kidato, la sivyo mhusika ataelea na kuonekana anaanguka kila kidato.

Siku hizi haya yote yamefichwa nyuma ya visanduku viwili vya kujaza, kama `Slope Limit` na `Step Offset` vya Unity, na mafunzo mengi huishia kumwambia mwanafunzi aandike 45 na 0.3. Hilo linanikera. Mwanafunzi huyo akikwama huongeza pembe hadi 60. Ngazi zinapitika, lakini na vilima vilivyokusudiwa kuwa kuta vinapandwa. Afundishwe kwanza kujenga kidato kimoja cha sentimita 18, akipande taratibu kwa fremu 120, na kuandika kwenye skrini kipimo cha mshale. Akiona 0.64 mahali pa 1, atajua kwamba kosa liko kwenye namna ya kuuliza, wala si kwenye pembe.