Ulizo moja lililotisha Amerika: kwa nini tujaribu kestionere mbele ya kwenda kwenye anketi

Kila mwaka wakati wa TFC na memwari ninaona watu wanachapa kestionere mia mbili, na hakuna hata mtu mmoja aliyeijaribu. Juu ya hiyo, leo ninaleta historia ya ulizo moja tu.

Mwezi wa Novemba 1992, kampuni ya Roper ya Amerika iliuliza watu wazima karibu elfu moja. Waliotuma kazi walikuwa Kamati ya Wayuda wa Amerika, wakitaka kujua kama watu wanaamini kwamba Wanazi waliua Wayuda katika vita ya pili ya dunia. Matokeo yalitoka Aprili 1993, mwezi ule ule jumba la kumbukumbu ya mauaji hayo lilipofunguliwa Washington. Watu 22 kwa mia walisema inawezekana mauaji hayakutokea, na 12 kwa mia walisema hawajui. Inchi ikashtuka: mtu mmoja kwa tatu ana mashaka!

Lakini tusome ulizo lenyewe. Kwa Kiswahili lingekuwa hivi: «Kwa maoni yako, inawezekana ao haiwezekani kwamba kule kuangamizwa kwa Wayuda na Wanazi hakukutokea hata kidogo?»

Umelielewa mara moja? Mtu anayejua vizuri kwamba mauaji yalitokea anapaswa kujibu «haiwezekani kwamba hayakutokea». Ni kukana mara mbili. Anayesikiliza haraka anashika maneno mawili tu, «kuangamizwa kwa Wayuda» na «inawezekana», na anajibu: ndiyo, inawezekana. Yeye anafikiri amekubali kama mauaji yalitokea, kumbe kwenye karatasi ameandikwa kati ya wanaoyakana.

Mapema mwaka 1994 kampuni ya Gallup ilijaribu jambo hilo kwa kugawa watu makundi mawili. Kundi moja likapewa ulizo la zamani, lingine likapewa ulizo lililoandikwa upya. Ulizo la zamani likazaa tena «wakanaji» wengi, na lile jipya likazaa wachache sana. Kisha Roper wenyewe, Machi 1994, wakauliza namna hii: je, unaona inawezekana kwamba mauaji hayakutokea, ao una hakika kwamba yalitokea? Sasa waliosema inawezekana walikuwa 1 kwa mia, wenye hakika 91, na wasiojua 8.

Hapa tuwe waangalifu. Hatuwezi kuandika kwamba wakanaji walishuka toka 22 hadi 1. Ulizo limebadilika, basi hesabu mbili hizo hazilinganishwi. Tena hata ulizo jipya lina kasoro: mtu anayeona kwamba mauaji yalitokea lakini hana hakika kamili, atajiweka wapi?

Kosa la namna hii linaonekana kwa majaribio madogo. Chukua watu kumi ao kumi na tano wanaofanana na wale utakaowauliza, si wenzako wa oditware. Mtu akisha kujibu, mwambie: «Baba, ao Mama, kwa maneno yako mwenyewe, nimekuuliza nini?» Akirudia kitu kingine, kosa ni la ulizo, si lake. Andika pia mahali aliponyamaza na mahali alipoomba urudie. Badilisha maneno, halafu jaribu tena kwa watu wengine, maana ulizo lililosahihishwa nalo linaweza kuwa na shimo lake. Majibu ya majaribio usiyachanganye na ya anketi, na usiyapigie hesabu ya kwa mia: watu kumi wanakuonyesha penye kosa, hawakuonyeshi maoni ya mji.

Kwetu hatari hii ni kubwa zaidi, juu kestionere nyingi zinaandikwa kwa Kifaransa na kutafsiriwa kwa mdomo palepale mlangoni. Ukiuliza Mama mmoja wa Kadutu «Hamukupata maji jana?», naye ajibu «Ndiyo», kwa Kiswahili maana yake mara nyingi ni: ndiyo, hatukupata. Lakini wewe una karatasi ya Kifaransa mkononi, unaweka alama kwenye «oui», na jioni kompyuta inahesabu kwamba nyumba hiyo ilipata maji. Uliza tu: «Jana mulipata maji ao hamukupata?» Hapo mtu atarudia neno zima, «tulipata» ao «hatukupata».

Dawa hiyo hiyo inasaidia ulizo linalomsukuma mtu. «Hauone kama Rejideso inatuonea?» tayari limebeba jibu. Katika majaribio utalitambua upesi: karibu wote wanakubali, lakini ukiuliza «inawaonea namna gani?» wengine wanakosa la kusema. Weka pande zote mbili, kwa mfano: «Kazi ya Rejideso katika mtaa wenu ni nzuri, ya katikati, ao mbaya?»

Roper walirudi kuuliza upya zaidi ya mwaka mmoja baada ya anketi ya kwanza, wakati ile 22 kwa mia ilikuwa imeisha kuzunguka katika magazeti. Sisi tukisha kuweka memwari yetu kwenye biblioteki, nani atarudi kuuliza watu wa Kadutu mara ya pili?