Mzio wa Karanga, Mayai na Samaki: Namna ya Kupata Protini kwa Usalama

Katika kata ya Lugoba, Halmashauri ya Wilaya ya Chalinze mkoani Pwani, kama ilivyo katika maeneo mengi nchini, mtoto mdogo hulishwa uji wa unga wa lishe. Unga huo mara nyingi huchanganywa na karanga, na wakati mwingine dagaa. Kwa mtoto mwenye mzio wa vyakula hivyo, uji huo unaweza kuhatarisha maisha yake.

Mzio hutokea pale kinga ya mwili inapokipokea chakula kana kwamba ni adui. Dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa mbili: vipele vinavyowasha, midomo kuvimba, kutapika au kukohoa. Kutostahimili chakula ni hali tofauti; huleta gesi au kuharisha, lakini hakuzibi njia ya hewa. Mtoto akipumua kwa shida au kulegea, alazwe chali, au akalishwe iwapo anashindwa kupumua, na afikishwe mara moja katika kituo cha afya kwa ajili ya sindano ya adrenalini. Vidonge vya kuzuia muwasho havitoshi.

Mzazi anaponunua unga wa lishe hana budi kuuliza vilivyomo. Hata mahindi matupu yanaweza kubeba mabaki ya karanga iwapo mashine imetoka kuzisaga. Njia salama zaidi ni kuyatwanga nyumbani kwa kinu ambacho hakitumiki kwa karanga.

Chakula kilichoondolewa lazima kipatiwe mbadala. Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka miwili mwenye uzito wa kilo 12, ambaye huhitaji takriban gramu 13 za protini kwa siku. Uji wa gramu 50 za unga wa mahindi humpatia gramu 4. Nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa humwongezea gramu 7 hivi, na kikombe kimoja cha maziwa yaliyochemshwa, ambayo wafugaji wa eneo hilo huyazalisha, gramu 8. Jumla ni gramu 19, bila yai, karanga wala samaki.

Maharage, kunde, choroko na mbaazi hukamilisha protini ya mahindi, ambayo ina upungufu wa lisini. Ingawa karanga nayo ni jamii ya kunde, wengi wenye mzio wa karanga hula maharage bila madhara. Hata hivyo, kila chakula kipya kianzishwe peke yake, kwa kiasi kidogo, mchana, mtoto akiwa mzima.

Wazazi wasiondoe vyakula vyote vitatu kwa kukisia. Waandike alichokula mtoto, saa aliyokila na dalili zilizofuata, kisha wapeleke maelezo hayo kwa mganga, kwani yatamsaidia kubainisha chakula husika.