Chumvi iliyojificha kwenye mchuzi

Wengi wetu huhesabu chumvi ya kijiko tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Sasa tazama mchuzi wa kuku wa watu wanne: kijiko hicho kimoja, na vidonge viwili vya mchuzi vya gramu 4 kila kimoja. Takriban nusu ya kidonge ni chumvi, kwa hivyo sufuria ina kama gramu 9. Kila mtu amekula zaidi ya 2, na achari bado.

Mimi nikitia kidonge, chumvi husubiri mchuzi uive kwanza niuonje. Mara nyingi ukwaju, thomu na bizari hutosha, kidonge nikakiacha.

Achari usiipunguzie chumvi chupani, itaota ukungu. Punguza sahanini, au kula kachumbari ya ndimu.

Mihogo ya kukaanga ya jioni ina mtego wake: unakataa chumvi, kumbe pilipili ya unga imeshachanganywa nayo. Muulize muuzaji kabla hajanyunyiza, uombe ndimu tupu.